Mkato wa Maneno katika Marko 10:40: Neno Moja au Mawili?

Wahariri wa Agano Jipya la Kiyunani wamezoea kuorodhesha miswada chini ya ukurasa, upande huu na upande ule, kana kwamba kila mswada ni shahidi aliyekwisha kutoa kauli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upo mstari mmoja ambapo mashahidi walio wakongwe kabisa hawana kauli yoyote, na kwamba kuwahesabu hapo ni kujidanganya.

Mstari wenyewe umo katika Marko 10:40. Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wameomba kuketi kuume na kushoto kwa Yesu katika utukufu wake. Naye anajibu kwamba kuwapa nafasi hizo si juu yake. Kisha zinafuata herufi kumi na sita, ambazo tukiziandika kwa hati yetu zitakuwa hivi: ALLOISETOIMASTAI. Katika Kodeksi ya Sinai na Kodeksi ya Vatikano, zote za karne ya 4, mwandishi hakuacha nafasi baina ya maneno, wala hakutia alama ya kuonyesha kwamba irabu imedondoshwa.

Msomaji mzoefu huanzia mahali palipo imara. Mwishoni tunapata kitenzi hetoimastai, yaani "imekwisha kuandaliwa". Sauti ya h haikuwa na herufi yake. Zinabaki herufi sita, ALLOIS. Tukikata baada ya ALLO au ALLOI, masalio hayawi neno la Kiyunani. Kwa hiyo mikato inayosimama ni miwili tu. Wa kwanza ni all' hois, "bali kwa wale ambao": nafasi hizo ni za walioandaliwa, na huenda ndugu hao wawili wakawa miongoni mwao. Wa pili ni allois, "kwa wengine": nafasi zimekwisha kuandaliwa kwa wengine, na ndugu hao wamefungiwa mlango.

Je, mwisho wa mstari waweza kutusaidia, endapo herufi hizo zimekatwa hapo? La. Waandishi wa Kiyunani walikata mistari kwa kufuata silabi, na konsonanti iliyobaki baada ya irabu kudondoshwa iliungana na silabi ya neno lifuatalo. Mikato yote miwili ingegawanywa AL na LOIS. Alama za lafudhi nazo hazitufai. Zile zinazoonekana katika Kodeksi ya Vatikano zilitiwa na mkono wa baadaye. Ni maoni ya msomaji, si ushahidi wa mwandishi wa kwanza.

Walioshindwa kunyamaza ni wafasiri, kwani katika lugha nyingine hapana herufi zinazoweza kubeba maana zote mbili kwa pamoja. Baadhi ya tafsiri za kale za Kilatini zinasema "kwa wengine", na ndivyo ilivyo katika mswada wa Kisiria wa Sinai. Vulgata ilichukua mkato wa "bali", na Biblia ya Kiswahili ya Umoja ya mwaka 1952 ikafuata maana hiyo. Ushahidi wa wafasiri ni wa thamani, lakini unatueleza jinsi wao walivyosoma. Hautuelezi jinsi Marko alivyokusudia.

Wako watakaotaka kutumia kanuni mashuhuri kwamba usomaji mgumu ndio wa asili. Kanuni hiyo haina kazi hapa. Msingi wake ni kwamba mwandishi fulani alibadili maneno ili kuyalainisha, ilhali hapa hakuna aliyegusa hata herufi moja. Sulanihivyo Mathayo 20:23, penye maneno yayo hayo: pameongezwa kwamba ni Baba aliyeandaa, na nyongeza hiyo yapatana na mikato yote miwili.

Inabaki sarufi na mtiririko wa hoja. Sentensi iliyotangulia ni ya kukanusha, na baada ya kanusho Kiyunani hupenda kuendelea kwa alla, kama Kiswahili kisemavyo "si hivi, bali vile". Tukichukua allois, sentensi inaanza ghafla bila kiunganishi. Mfasiri wa Kisiria alihisi pengo hilo, akatia kiunganishi chake mwenyewe. Kweli, all' hois inatulazimu kujazia "ni ya wale", lakini udondoshaji wa namna hiyo ni wa kawaida katika Kiyunani. Zaidi ya hayo, suala lililojibiwa ni la mamlaka: nani mwenye kugawa nafasi? Jibu la "kwa wengine" linaliacha suala hilo na kuwahukumu waombaji.

Kwa sababu hizo naona mkato wa "bali" ndio wenye nguvu zaidi. Hata hivyo mhariri mwaminifu hana budi kuuchapa kama uamuzi wake mwenyewe, na katika orodha yake aiweke miswada hiyo mikongwe mahali pake panapostahili, yaani miongoni mwa wasiosema.