Karatasi ya Mistari Mitano

Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ikitangaza kazi, au ushirika wa kahawa ukitafuta meneja wa kiwanda, vijana wa Nyeri, Karatina na Kerugoya hukimbilia makaratasi kwanza. Kuna hati ya polisi ya tabia njema, cheti cha mamlaka ya ushuru, barua ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Makaratasi hayo yana foleni zake, na mtu akishayapata yote hujiona amejiandaa. Lakini jopo likishayapitia huyaweka kando na kuanza kuuliza, na kuanzia hapo alama hutolewa kwa yale yanayotoka mdomoni. Mdomo nao unahitaji mazoezi, na mazoezi bora niyajuayo ni rafiki mmoja, meza moja, na karatasi yenye mistari mitano.

Wengi hufanya usaili huu wa majaribio bila karatasi. Rafiki anauliza maswali mawili matatu, anacheka kidogo, kisha anasema, “Uko sawa, jiamini tu.” Akijitahidi zaidi atasema, “Unaonekana muoga.” Maneno hayo mawili, la kusifu na la kukosoa, yana kasoro moja: yote yanamzungumzia mtu, na jibu lake limeachwa. Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya tafiti nyingi kuhusu maoni wanayopewa watu juu ya kazi zao. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya visa yalishusha utendaji wa walioyapokea. Maelezo yao ni kwamba maoni hupoteza nguvu kadiri yanavyomfanya mtu ajitazame nafsi yake badala ya kazi iliyo mbele yake. Mwambie mtu kwamba ni muoga, naye ataingia mbele ya jopo akiulinda uoga wake.

Kwa hiyo karatasi yangu huuliza tu mambo yanayoweza kusikika. Je, ametaja tukio moja, lenye mahali na wakati? Nimesikia alichofanya yeye mwenyewe? Tukio limefika mwisho, na mwisho huo una kipimo? Amejibu swali lililoulizwa? Amemaliza ndani ya dakika mbili? Kando ya kila mstari naacha nafasi ya kuandika maneno yake kama yalivyotoka. Hakuna mstari wa kujiamini, wala wa lafudhi. Wengi wetu tuliolelewa kwa Kikuyu tunabadilisha r na l tukizungumza Kiingereza, na rafiki anayelidaka hilo siku chache kabla ya usaili humfanya mwenzake aogope kila neno. Naliacha kabisa.

Rafiki yangu mmoja aliitwa na ushirika wa kahawa kwa nafasi ya meneja wa kiwanda. Alikuwa amefanya kazi ya karani wa mizani misimu ya mavuno, kwa hiyo uzoefu alikuwa nao. Tulikaa kwake Kamakwa, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande wa pili, simu ikihesabu dakika. Nilimuuliza: “Tueleze wakati ulipokosana na mkulima, na jinsi mlivyolimaliza jambo hilo.”

Akajibu: “Sisi kiwandani huwa tunawaheshimu wakulima sana. Mkulima akileta kahawa ambayo haijaiva tunamweleza umuhimu wa ubora, tunamshauri achambue, na mara nyingi wanaelewa.”

Lilikuwa jibu la adabu, lililosemwa kwa sauti nzuri, na bila karatasi ningelisifu. Karatasi ilionyesha mengine. Kwenye mstari wa tukio niliandika “huwa”. Kwenye mstari wa alichofanya yeye niliandika “tunawaheshimu, tunamweleza, tunamshauri”. Kwenye mstari wa mwisho wa tukio: “mara nyingi wanaelewa”. Nilimsomea nilichoandika, bila maelezo ya ziada, kisha nikauliza, “Dada, ulikuwa unamfikiria mkulima gani?”

Akamtaja papo hapo, mzee mmoja aliyeleta magunia mawili jioni, foleni ikiwa ndefu, na juu ya gunia moja punje za kijani zinaonekana. Mzee alikataa kuchambua tena. Rafiki yangu alimwachia mwenzake mizani, akatandika turubai, akapiga magoti na kuchambua pamoja naye. Walipopima, kahawa nyekundu ilikuwa kilo 38 na ya kijani kilo 6. Alimweleza kwamba kahawa ya wote huchanganywa, na punje mbichi hazimenyeki vizuri kwenye mashine na huharibu ladha, hivyo gunia lake lingepunguza malipo ya majirani zake pia. Wiki iliyofuata mzee alileta kahawa aliyokwisha kuichambua nyumbani.

Hayo yote alikuwa nayo, na jopo lisingeyasikia hata moja. Sababu naielewa. Huku kwetu mtoto anayesema “mimi, mimi” huambiwa anajigamba, na mtu mzima huendelea kujificha ndani ya “sisi”. Lakini wanajopo hujaza alama zao wakimtazama mtu mmoja, na “sisi” haina kiti mbele yao. Njia tuliyoipata haikumtaka ajigambe: ataje wenzake kwanza, kisha kazi yake. “Tulikuwa wanne kwenye mizani. Kazi yangu ilikuwa kupokea na kukagua.” Baada ya sentensi hiyo kila kitendo kinaweza kuwa “nilitandika, nilichambua, nilimweleza”, na heshima ya wenzake imebaki palepale.

Nilimpa jambo hilo moja tu la kurekebisha, ingawa karatasi ilikuwa na mengine. Kisha nikarudia swali lilelile papo hapo, kabla chai haijapoa. Marudio hayo ya haraka ndiyo watu huyaruka; hutoa maoni, mazungumzo yakahamia kwingine, na mdomo haukujaribu kitu kipya hata mara moja. Jibu la pili lilikuwa na turubai, kilo na mzee wake, kwa dakika moja na nusu.

Hata hivyo, jibu moja kuwa zuri hakuthibitishi kitu. Jioni nyingine nilileta swali geni: “Ni lini ulilazimika kuamua jambo bila mkubwa wako kuwepo?” Tukio alilitaja vizuri, na alama ya mstari wa kwanza ikabaki. Lakini “tuli” ilirudi katika kila kitendo. Hapo nikajua kwamba alichokuwa amekirekebisha ni hadithi ya mzee, na mazoea yenyewe bado yapo. Kama ningeendelea kuuliza swali la mzee, jibu lingezidi kung'aa, mpaka likawa kama kitu kilichokaririwa. Jibu la kukariri hujulikana: maneno ni yaleyale, macho yako darini, na ukimkatiza na swali dogo, “Kwa nini hukumwita meneja?”, anapotea njia na kuanza upya kutoka sentensi ya kwanza.

Karatasi hii pia ina mipaka: haiwezi kumpa mtu asichokijua. Anayekwenda mbele ya bodi ya kaunti ataulizwa maadili ya taifa yaliyo katika Ibara ya 10 ya Katiba, na kanuni za utumishi wa umma zilizo katika Ibara ya 232. Akikwama hapo, tunafunga usaili tunafungua Katiba.

Kwa rafiki yangu, kilichoiondoa “tuli” ni kubadilishana viti. Nilijibu mimi, yeye akashika kalamu. Sikufika mbali kabla hajainua kichwa: “Na wewe umesema ‘tuliamua’. Nani aliamua?” Alipokwisha kuisikia kwa mwingine, alianza kuisikia kwake, akijikatiza katikati ya sentensi na kusema, “Hapana, niliamua mimi,” kabla sijaandika chochote.