Barua ya Onyo Iliyoiva

Mtu akiniletea barua ya onyo niipime, siisomi tangu juu. Naishusha macho hadi kwenye sentensi inayotaja kosa, kisha najiuliza swali moja: mgeni asiyejua lolote kuhusu kiwanda kile, akipewa sentensi hii peke yake, anaweza kwenda mwenyewe kuhakiki? Akiweza, barua imeiva. Asipoweza, mihuri, kumbukumbu namba na maneno makali yaliyobaki havitaiokoa.

Swali hilo linahitajika zaidi kwenye kosa la mfanyakazi aliyeandika kwamba kazi imefanyika ilhali haikuguswa. Nimekutana nalo mara nyingi kwenye ukanda wa mkonge, kuanzia Mombo na Ngombezi upande wa Korogwe hadi Kabuku upande wa Handeni, na ni kosa linalowashinda mameneja wengi kuliandikia. Ukanda huu unazijua alama kwenye karatasi kwa muda mrefu. Enzi za manamba, mkata mkonge alikuwa na kadi yake ya kipande yenye siku 30 za kazi, na siku ilihesabiwa pale tu msimamizi alipoitia alama. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mkubwa, na aliyedhulumiwa alikuwa mkataji. Leo kwenye karatasi za ukaguzi wa mashine kalamu imehamia kwa mfanyakazi. Anajitilia alama mwenyewe, na kampuni inaichukua alama hiyo kama neno lake. Ndiyo maana alama ya uongo inauma kuliko uvivu wa kawaida, na ndiyo maana meneja akiiandikia kwa hasira huharibu.

Nieleze kwa mfano mmoja. Shamba sitalitaja, na tarehe nimezibadili. Mhudumu wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge kupata singa, alitakiwa kila asubuhi kabla ya kuwasha atie grisi kwenye beringi za ngoma ya visu, kisha mashine ikishawashwa aisikilize inavyozunguka. Kwenye karatasi kuna safu mbili za kazi hizo na nafasi ya alama ya vema. Beringi ikikosa grisi hupata joto, ngoma huanza kutikisika, nafasi kati ya visu na kitako chake hubadilika, na singa hutoka zikiwa na maganda au zimekatika. Ikisimama kabisa, majani yaliyokwisha kukatwa yanabaki juani yakikauka, na jani lililokauka halikwanguliki vizuri.

Barua ya kwanza aliyoandika meneja ilisema hivi: “Imebainika kuwa umekuwa na tabia ya uzembe na kutowajibika katika majukumu yako, kinyume na taratibu za kampuni.”

Sentensi hiyo ina sauti ya ofisi, lakini haina kitu. Tabia haina tarehe. Uzembe unaweza kuwa kuchelewa, kusinzia au kuvunja kikombe. Na neno “imebainika” limemficha aliyebaini. Mhudumu akijibu kwamba yeye si mzembe, mjadala umekwisha, kwa sababu hakuna kilichowekwa mezani cha kukanushwa.

Barua ya pili, baada ya kurudishwa, ilisema: “Tarehe 9, 10 na 11 Juni uliweka alama ya vema kwenye safu ya ‘beringi zimetiwa grisi’, saa 12:15 asubuhi. Daftari la stoo linaonyesha kuwa grisi haikutolewa siku hizo tatu ingawa ilikuwepo, na pampu ya grisi ilibaki imefungiwa stoo. Tarehe 10 uliweka pia alama kwenye safu ya ‘mashine imesikilizwa ikizunguka’. Daftari la uzalishaji linaonyesha kuwa siku hiyo korona haikuwashwa kabisa, kwa sababu pampu ya maji ilikuwa mbovu. Tarehe 11 saa 4 asubuhi, wewe na msimamizi wa zamu mlikagua beringi na kukuta grisi kavu iliyoshikana na vumbi la mkonge.”

Hapa kila kitu kina mahali pa kukitafutia. Daftari la stoo lipo, daftari la uzalishaji lipo, na mfanyakazi mwenyewe alikuwepo beringi zilipokaguliwa. Uzuri wa barua hii uko kwenye tarehe 10. Mtu anaweza kubishana kuhusu grisi, akasema alitumia iliyobaki kwenye kopo. Lakini hakuna awezaye kusikiliza mlio wa mashine iliyolala. Mwandishi mzuri wa barua hutafuta siku kama hiyo, siku ambayo alama haiwezi kuwa kweli kwa namna yoyote, kisha huiandika kwa utulivu bila kuipigia kelele.

Tazama pia maneno “ingawa ilikuwepo”. Ni maneno mawili, lakini ndiyo yaliyonifanya nimheshimu aliyeyaandika. Nimeona barua kuhusu mfanyakazi aliyetia alama kwa sababu stoo ilikuwa tupu wiki nzima, na msimamizi alikwishamwambia asiache safu wazi kwa kuwa wakaguzi wanakuja. Huyo naye aliandika uongo, lakini uongo wake ulifundishwa. Meneja asiyeuliza kama kazi iliwezekana kufanyika ameandika nusu ya habari.

Jambo la pili ninaloangalia ni kama barua imeyatenganisha makosa mawili. Kutotia grisi ni kosa la kazi. Kuandika kwamba umetia ni kosa la kumbukumbu, nalo ndilo zito zaidi, maana lilimnyima fundi nafasi ya kuziba pengo. Kama mhudumu angeacha safu wazi, mtu angeona na angetia. Barua inayotaja la kwanza tu imepunguza kosa. Inayotaja la pili tu, bila kuonyesha kazi iliyokosekana, inageuka ugomvi wa karatasi.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza upande wa pili. Wakishaona neno uongo, huandika “udanganyifu mkubwa usiovumilika”, halafu aya inayofuata inasema “kwa hiyo unapewa onyo la kwanza”. Aya hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinasema kosa la mara ya kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya ajira isiendelee kuvumilika, na kutokuwa mwaminifu kwa kiwango kikubwa ni miongoni mwa makosa hayo. Ukiandika kwamba halivumiliki kisha ukalivumilia, umejipinga kwa mkono wako. Siku shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua hiyo itasomwa kwa sauti. Na ukishatoa onyo kwa tukio hilo, umelimaliza. Huwezi kulirudia mwezi ujao ukamfukuzia tukio lile lile. Kwa hiyo meneja aamue kwanza uzito, kisha achague maneno yenye uzito huo huo. Kwa mhudumu wetu, aliyekuwa na miaka mingi bila onyo na mashine haikuharibika, “umeweka taarifa isiyo ya kweli kwenye kumbukumbu za usalama wa mashine” yalitosha. Barua ilitamka wazi pia kwamba hakuna uharibifu uliotokea. Kutia chumvi hasara ni njia ya haraka ya kuifanya barua yote isiaminike.

Si kila alama yenye shaka ni ya uongo. Handeni mjini niliwahi kuonyeshwa daftari la mlinzi wa ghala. Doria za saa 2, 3, 4 na 5 usiku zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa mkupuo mmoja, na mwenye ghala alikuwa tayari na barua ya onyo. Nilimwomba aisimamishe. Mwandiko wa mkupuo mmoja unathibitisha kwamba daftari lilijazwa kwa wakati mmoja, basi. Mlinzi anaweza kuwa alizunguka saa zote nne, kisha akaketi kwenye taa akaandika. Hilo nalo ni kosa, kama utaratibu unataka aandike papo hapo, lakini ni kosa jingine na lina barua yake ndogo. Kumwambia hakuzunguka kulihitaji shahidi, au geti lililokutwa wazi, na mwenye ghala hakuwa na chochote kati ya hivyo.

Ndiyo sababu barua nzuri ya onyo hutanguliwa na barua ya kumtaka mfanyakazi atoe maelezo, na maelezo yake huingia ndani ya barua ya onyo kwa haki. Mhudumu wa korona alijibu kwamba msimamizi alikuwa akisaini chini ya karatasi bila kuangalia, kwa hiyo aliona karatasi ile ni ya kujaza tu. Meneja dhaifu angelitupa jibu hilo. Huyu aliliandika, akasema halimwondolei mhudumu kosa lake, na siku hiyo hiyo akamwandikia msimamizi barua yake ya kujieleza. Kanuni zinataka sheria ya kazini itumike kwa usawa, na saini ya msimamizi nayo ni alama kwamba jambo limetazamwa.

Mengine nayapitia haraka. Barua iandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu mhudumu wa korona hawezi kujirekebisha kwa barua ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka kampuni ya Dar es Salaam. Ianze na “Ndugu” na jina lake kamili, kama barua nyingine zote anazopewa. Isikate mshahara kama faini. Sheria imebana sana makato, na barua ya onyo si mahali pake. Itaje onyo litadumu hadi tarehe gani, kwa mfano miezi 6, na akate rufaa kwa nani. Mahali pa saini paandikwe “nimepokea”, pasiandikwe “nimekubali”. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba barua ilisomwa mbele yake na ikakataliwa, na isigeuzwe kosa jipya. Kama hatua zinaelekea kikao cha nidhamu badala ya onyo, apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa, na aruhusiwe kuja na mwenzake au kiongozi wa tawi la chama, ambacho mashambani mara nyingi ni TPAWU.

Mwisho natazama kinachodaiwa kuanzia kesho. Barua nyingi humalizia kwa “unatakiwa kubadilika”. Barua ya korona ilidai hivi: mhudumu achukue pampu ya grisi stoo kila asubuhi na kusaini, na mahali pa alama ya vema aandike idadi ya mikupuo ya pampu aliyoitia kila beringi. Safu ambayo haikufanyika iachwe wazi na sababu iandikwe pembeni, na hatalaumiwa kwa kuiacha wazi. Karatasi ya zamani ilichapishwa upya kwa safu hizo mpya. Wiki ya pili mhudumu aliacha safu moja wazi, akaandika pembeni: “Grisi imeisha stoo saa 12.” Fundi alileta kopo jipya kabla korona haijawashwa.