Nani Alikunywa Kwanza?

Hadithi ya Simba na Ngiri kisimani, jinsi tunavyoisimulia kwenye vikundi vya vijana, inaweza kula nusu saa nzima. Ile iliyoandikwa kati ya hadithi za Esopo, Mgiriki wa zamani, haimalizi hata dakika moja. Ni wakati wa joto. Simba na nguruwe-mwitu wanafika kwenye chemchemi ndogo, wanagombania nani atangulie kunywa, wanaanza kuuana. Wanaposimama kidogo kuvuta pumzi, wanaona tumbusi wamekaa wanamngoja atakayeanguka. Basi wanaacha vita, wanasema heri kuwa marafiki kuliko kuwa chakula cha tumbusi na kunguru. Imeisha.

Angalia, hakuna tambo hata moja mle. Hakuna tusi. Yote yanayowachekesha watoto tumeyaongeza sisi wasimulizi, na hapo ndipo unamjua msimulizi mzuri na mbaya. Mbaya anatukana ovyo: sura mbaya, unanuka, mama yako hivi. Watu wanacheka, lakini maji yamesahaulika. Mzuri anahakikisha kila tambo ni madai juu ya kisima. Simba anasema, "Mimi nikikohoa tu, msitu wote unanyamaza." Ngiri anajibu, "Kohoa basi, tuone kama maji yataongezeka." Simba: "Baba yangu alikunywa hapa." Ngiri: "Na pua ya baba yangu ndiyo ilichimba." Sasa sikiliza vizuri: mmoja anadai kwa nguvu na ukoo, mwingine anadai kwa kazi. Hayo si matusi tena, ni kesi. Na mtu yeyote aliyewahi kupanga madumu kwenye foleni ya bomba ameshaisikia kesi hiyo, bila simba.

Kinachoniudhi ni yule wa tatu. Wasimulizi wengi wanamtoa tumbusi, wanamleta tembo mzee mwenye hekima, anayekuja kuwapatanisha kwa hotuba ndefu. Nadhani wanafanya hivyo kwa sababu hotuba inapendeza wageni wa mashirika wakija kutembelea. Lakini hadithi inakufa palepale. Nguvu ya tumbusi ni kwamba hasemi neno. Hajaja kuamua, amekuja kula, na hajali nani mwenye haki. Wale wawili wanaamua wenyewe baada ya kumwona. Ndiyo maana hata kumwita "tai" hivihivi, kama wengi wetu tunavyofanya, kunaharibu: msikilizaji anaweza kumwaza yule ndege anayeshuka kukamata kifaranga. Huyu wa hadithi hakamati mtu. Anangoja wengine wamalize kazi.

Wanaotaka lazima wa tatu aje kuamua, wapo na hadithi yao, na ni ya zamani vilevile. Mroma mmoja aitwaye Fedro aliiandika. Farasi alizoea kunywa mahali fulani, nguruwe-mwitu akaja kugaagaa akayatibua maji. Wakagombana. Farasi akaenda kumwomba binadamu msaada, akambeba mgongoni, na binadamu akamuua nguruwe kwa silaha. Kesi imekwisha, siyo? Kumbe binadamu ameona farasi ana faida, akamtia lijamu, hakumwachia tena. Mimi ningependa hadithi hizi mbili zisimuliwe jioni moja, moja baada ya nyingine. Katika ya kwanza, wa tatu hakuitwa na hakupata kitu. Katika ya pili aliitwa, akaamua vizuri kabisa, akachukua malipo yake.

Hata hivyo ile ya Simba na Ngiri ina shimo, na sitaki kulifunika. Haisemi nani alikunywa kwanza. Waligombania zamu, wakapatana urafiki, zamu ikabaki pale pale. Chemchemi bado ni ndogo na jua bado linawaka. Watoto wanaliona shimo hilo haraka kuliko sisi, wanauliza, na msimulizi anajibu, "Walikunywa pamoja," halafu anafunga. Hilo ni jibu la mvivu. Kisima kingetosha wawili kwa pamoja, wangegombana kwa nini?

Jibu nililolipenda alilitoa kijana mmoja kwenye kikundi, na alilichimbua kutoka kwa yule nguruwe wa Fedro. Alisema simba atangulie, lakini siyo kwa sababu ni mfalme. Atangulie kwa sababu ngiri akishakunywa atagaagaa, na atakayemfuata atakunywa tope. Simba akinywa kwanza, maji yanabaki safi kwa wote wawili. Msichana mmoja akamkatiza: je, simba akiyamaliza? Wakabishana muda mrefu, mwisho wakakubaliana kwamba simba ahesabiwe mikupuo, na anayehesabu awe ngiri, akiwa amesimama upande wa pili wa kisima, mbali na makucha.