Lita Zisizoonekana: Kuhesabu Mafuta Yaliyomwagika Barabarani

Lori la mafuta linapopinduka, taarifa ya kwanza hutaja idadi ya lita kana kwamba ni sehemu ya habari tu, kama ilivyo namba ya gari au jina la kijiji. Hoja yangu ni kwamba idadi hiyo ni chombo cha kazi. Ikipatikana kwa njia sahihi, huwaambia waokoaji mahali pa kuyatafuta mafuta ambayo jicho haliyaoni. Petroli haichanganyiki na maji, huelea juu yake na kusafiri nayo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo hushuka na kutulia mashimoni. Ukifika takriban asilimia moja na nusu tu ya hewa, cheche moja inatosha kuulipua. Kwa sababu hizo mbili, mtaro wa maji ya mvua hugeuka kuwa barabara ya pili ya mafuta yale, na barabara hiyo hupita chini ya nyumba za watu.

Mji wa Herborn, Ujerumani, uliligundua hilo kwa gharama kubwa tarehe 7 Julai 1987. Lori lililobeba takriban lita 34,000 za mafuta, sehemu kubwa ikiwa petroli, lilikuwa likiteremka mlima kuingia mjini. Breki zilishindwa kulishika, likaivamia nyumba iliyokuwa na duka la aiskrimu. Mafuta yalimwagika mtaani na kuingia kwenye mifereji ya majitaka kabla moto haujawaka. Ulipowaka, haukuishia pale lori lilipoanguka. Milipuko ilitokea ndani ya mifereji, na moto ukaonekana hadi mto Dill unaopita mjini. Watu sita walikufa na nyumba kadhaa zikateketea. Nairobi nayo ilipata msiba wa aina hiyo tarehe 12 Septemba 2011 katika mtaa wa Sinai, ingawa huko chanzo kilikuwa bomba la mafuta: petroli iliingia mtaroni, ikapita katikati ya makazi, ikashika moto na kuua watu zaidi ya 100. Katika misiba yote miwili, mtaro ndio uliopeleka hatari kwa watu waliokuwa mbali na pale mafuta yalipovujia.

Basi mafuta yahesabiwe vipi? Wengi hulitazama dimbwi na kukisia, na hapo ndipo kosa linapoanza. Tuchukue mfano wa kukokotoa. Lori limepakia lita 36,000 katika vyumba sita, kila kimoja lita 6,000. Linapinduka kando ya mtaro. Vyumba vinne vimebaki vizima, cha tano kimechanika ubavuni, na cha sita kimepasuka chini na kuwa kitupu. Dimbwi lililo kwenye lami lina urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kina cha milimita 3. Zidisha vipimo hivyo, utapata lita 600. Anayeliamini dimbwi atatangaza kwamba umwagikaji ni mdogo. Anayeanza na hati ya upakiaji atakwenda njia nyingine: vyumba vizima vina lita 24,000, na cha tano kimebakiwa na lita 2,500 zilizohamishiwa kwenye lori jingine. Jumla ni lita 26,500. Ukizitoa katika 36,000, zilizomwagika ni lita 9,500.

Kazi ya pili ni kuzitafuta hizo lita 9,500 mahali zilipo. Lami ina 600. Mtaroni zimenyonywa 2,400. Udongo uliolowa tukiukadiria kuwa umeshika 1,000, na zilizoruka kuwa mvuke katika saa ya kwanza ya jua tukizipa kadirio la juu la 800, tumefikia lita 4,800. Lita 4,700 hazijulikani zilipo. Hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote katika tukio zima, kwa kuwa mafuta hayapotei. Kiasi hicho kimepita kwenye kalvati au kimeingia kwenye chemba isiyoonekana, na msako unapaswa kufuata mteremko wa maji hadi kipatikane. Kila chemba ya njiani ipimwe kwa kipima gesi. Pua haifai kwa kazi hii, kwani huzoea harufu haraka na haiwezi kusema kama kiwango kimekaribia cha kulipuka.

Namba hiyo ndiyo inayopaswa kupanga hatua za kuzuia pia. Mtaro huzibwa kabla ya lami kusafishwa: viroba vya mchanga au udongo hupangwa kwenye mdomo wa kalvati ulio upande wa mteremko kutoka kwa lori, na matundu ya chemba hufunikwa kwa plastiki nzito iliyokandamizwa kwa mchanga. Kama mtaro una maji yanayotiririka, ukuta mzima hautadumu. Maji yatajaa na kuupita juu, yakibeba petroli. Hapo hujengwa tuta la udongo lenye bomba ndani yake. Mdomo wa bomba ulio upande wa juu wa mtaro hulazwa chini kabisa, na ule wa kutokea huinuliwa. Maji ya chini hupita, mafuta yanayoelea hubaki nyuma ya tuta yakisubiri kunyonywa. Povu la zimamoto humwagwa juu ya dimbwi ili kuufunika mvuke, na injini, majiko na moto wowote huzimwa kuanzia upande ambao upepo unaelekea.

Wapo watakaosema kwamba kusafisha kwa maji mengi ni haraka zaidi. Ni kweli lami itaonekana safi, lakini maji yale huzisukuma lita zilizoonekana zikaungane na zisizoonekana. Wengine watasema mahesabu yasubiri, maisha ya watu kwanza. Hesabu hii inahitaji simu moja kwa bohari iliyopakia mzigo na mtu mmoja wa kukagua vyumba, na jibu lake ndilo linaloamua ni nyumba zipi zihamishwe watu. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikusanyika kuchota mafuta ya lori lililopinduka, na mlipuko ukaua watu takriban 100. Kuwaondoa watu pale lilipo lori ni lazima, na anayejua kiasi kilichoingia mtaroni atawaondoa pia walio mita mia kadhaa chini yake, ambao hata hawajaliona lori.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba namba zenyewe si kamili. Petroli hutanuka kwa joto, kwa takriban sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi moja. Mzigo wa lita 36,000 ukipanda nyuzi 10 huongezeka kwa kama lita 360. Makadirio ya udongo na mvuke yana kasoro kubwa kuliko hiyo. Lakini hata tukikosea kwa lita 1,000 nzima, katika mfano wetu zinabaki lita 3,700 za kutafutwa. Kasoro ya mamia haiwezi kuficha upungufu wa maelfu. Kwa hiyo ripoti ya tukio la namna hii iwe na namba nne: zilizopakiwa, zilizobaki kwenye tenki, zilizopatikana nje, na zisizojulikana zilipo. Na barabara isifunguliwe wala watu wasirudishwe majumbani hadi ile ya nne ipate maelezo na kila chemba iliyo chini ya mteremko iwe imepimwa.