Povu Huanzia Kwenye Buni

Espreso martini hupimwa kwa macho kabla ya ulimi. Juu ya kinywaji cheusi hukaa povu laini la hudhurungi, na punje tatu za kahawa zikiwekwa juu yake huelea. Dick Bradsell, mchanganyaji vinywaji wa London, alikibuni katika miaka ya 1980 kwa vodka, kahawa na sukari. Viungo vyake ni vichache, hivyo kahawa mbovu haina pa kujificha.

Wengi hudhani povu ni kazi ya mikono inayotikisa. Mikono husaidia, lakini povu huanzia kwenye buni. Kahawa ikikaangwa, hubaki na gesi ya kaboni dayoksaidi ndani yake. Mashine ya espreso huikamua kahawa hiyo kwa shinikizo kubwa, ikatoa gesi pamoja na protini na chembe nyingine zinazoshika kuta za viputo. Buni iliyokaa miezi kadhaa tangu ikaangwe imekwisha kupoteza gesi yake. Iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kung'aa mafuta ina tatizo lingine, kwa kuwa mafuta huvunja viputo. Mimi huchagua buni ya mkaango wa kati, iliyopumzika wiki moja hadi tatu. Arabika huleta harufu nzuri, na robusta kidogo, kama ile ya Kagera, huongeza unene wa povu. Robusta ikizidi, uchungu hutawala.

Kwa glasi moja, pima mililita 50 za vodka, 20 za likeri ya kahawa, 10 za shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, na 30 za espreso iliyotoka mashineni sasa hivi. Shira si ya utamu tu: huufanya umajimaji kuwa mzito, nao hutiririka polepole kutoka katikati ya viputo, kwa hiyo povu hudumu. Vitie kwenye chombo cha chuma cha kutikisia, kisha jaza barafu ya vipande vikubwa na vikavu, kwani vidogo huyeyuka upesi kwa kahawa moto na kukitia kinywaji maji. Tikisa kwa nguvu kama sekunde 15, mpaka chuma kigande baridi mkononi, kisha chuja mara moja kwenye glasi iliyopozwa.

Ukiona viputo vikubwa vinavyopasuka haraka, hukutikisa vya kutosha au kahawa imechakaa. Kahawa iliyolowekwa kwenye maji baridi usiku kucha ni tamu kunywa, ila haikupitia shinikizo, hivyo povu lake huwa hafifu.



Basi ukitaka povu linalodumu, anza kwa kusoma tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko wa kahawa. Mfuko usio na tarehe hiyo, uache dukani.