Mamba Asiye na Meno: Kusoma Jazanda ya Shairi la Abdilatif Abdalla Mstari kwa Mstari

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapoulizwa "Mamba" ni nani katika shairi la Abdilatif Abdalla, wengi hujibu kwa sentensi moja: mamba ni serikali ya Kenya ya wakati ule. Jibu hilo lina msingi, lakini limetoka katika historia ya mtunzi na si katika shairi. Mwanafunzi huyo akiulizwa ni neno gani lililomwonyesha hivyo, hunyamaza. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji wa mara ya kwanza kuifikia maana kwa kupitia mistari yenyewe. Tunamwomba awe na diwani ya Sauti ya Dhiki (1973) karibu naye, kwa kuwa hatutanukuu mistari bali tutaifafanua.

Historia tuiseme kwa ufupi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliandika mwaka 1968 waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi? Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na mashairi ya diwani hii aliyatunga akiwa kifungoni. Alifunguliwa mwaka 1972. Diwani ilipochapishwa ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Kuhusu istilahi, sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kitu kingine bila kutumia neno la kulinganisha. Sitiari inapoendelezwa mstari baada ya mstari hata ikabeba shairi zima tunaiita jazanda. "Mamba" ni shairi la jazanda. Lina beti tano, kila ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo una vipande viwili: ukwapi wa mizani nne na utao wa mizani nane. Ukwapi huu mfupi ni muhimu katika usomaji. Mara nyingi hubeba kitenzi au amri, kisha utao hueleza.

Ubeti wa kwanza: mtunzi anatoa ufunguo

Mamba hayumo katika ubeti huu. Mshororo wa kwanza unasema kwamba mtunzi naye anataka kusema kama wasemavyo wengine. Hapa wanafunzi wetu hukwama, kwa sababu kitenzi kilichotumika ni -amba, ambacho katika Kimvita maana yake ni kusema. Sisi tunakijua kama mzizi wa kirejeshi tu (ambaye, ambao), hivyo mwanafunzi hutafuta kirejeshi pasipo na kirejeshi. Mshororo wa pili unasema kwamba utungo utapambwa ili uwapendeze wanaousoma. Wa tatu unasema utafumbwa, na wenye uwezo watafumbua.

Tuitazame jozi hiyo ya fumba na fumbua. Kiambishi -u- cha kitenduzi ndicho kinachogeuza maana, kama katika funga na fungua. Kwa hiyo taswira ya kwanza katika shairi hili ni ya kitu kilichofungwa kinachongoja mtu wa kukifungua, na imetungwa na mtu aliyefungwa. Zaidi ya hayo, ubeti unawagawa wasomaji katika makundi mawili: watakaopendezwa na pambo na watakaofungua fumbo. Mtunzi mwenyewe ametuambia kwamba anayesoma habari za mnyama tu hajafika. Huu ndio ushahidi wa kwanza wa kimatini, na mwanafunzi anaweza kuutaja kabla ya kugusa historia yoyote.

Ubeti wa pili: mamba anaingia

Sasa tunaambiwa kuwa mtoni yumo mamba aliyejaa kiburi, kwamba anajigamba na kujiona shujaa, na kwamba anasema ataishi dahari, yaani milele. Hebu msomaji aorodheshe kila jambo analoambiwa kuhusu umbo la mamba huyu. Atakuta hakuna hata moja. Hana meno, hana mkia, hana magamba, hamvizii mnyama aliyekuja kunywa maji. Sisi wa Uganda tunaowajua mamba wa mto Nile huyajaza hayo wenyewe kutokana na kumbukumbu, kisha tukaandika katika mtihani kwamba shairi lina taswira za kuonekana. Halina. Sehemu ya kimaumbile inayotajwa ni mto peke yake.

Badala ya umbo tumepewa tabia, na tabia zote tatu ni za binadamu: kutakabari, kujigamba na kusema. Hii ni tashihisi, na kazi yake hapa ni kumwonyesha msomaji mapema kwamba ngozi ya mnyama ni nyembamba. Lakini jina la mamba halikuwekwa bure. Linaleta hofu ya mahali: mto ni wa watu wote, wanaochota, wanaovuka na wanaovua, ila mmoja amelala ndani yake na wengine wote wanapita kwa wasiwasi. Neno moja, mtoni, linatosha kuleta mawazo hayo.

Jambo jingine halionekani kwa kusoma haraka. Kitenzi cha kusema kilichotumiwa na mtunzi katika mshororo wa kwanza kinarudi hapa, safari hii kwa mamba. Wapo wasemaji wawili katika shairi. Mmoja anasema kwa kufumba, mwingine anasema waziwazi kwa majigambo. Ni nani katika nchi anayeweza kusema wazi, na ni nani analazimika kufumba? Swali hilo lina siasa ndani yake, na limezaliwa na kitenzi kimoja.

Ubeti wa tatu: mamba anadanganywa

Katika mshororo wa kwanza wa ubeti huu mamba si mtenda tena, ni mtendwa. Ghururi, yaani udanganyifu wa nafsi, ndiyo inayotenda. Imemhadaa kwa upumbavu. Mshororo wa pili unaeleza anachofikiri, kwamba nguvu zake hazitakwisha. Wa tatu unatoa hukumu juu ya kiburi chenyewe, kwamba ndicho kinachomwangamiza mwenye nacho.

Mnyama anaanza kufifia. Katika mishororo mitatu hakuna neno hata moja linalohusu mto wala mamba. Tuna ghururi, fikra, nguvu na takaburi. Mzizi wa neno hili la mwisho tumeshakutana nao katika ubeti wa pili. Kule ulikuwa kitenzi, kitu anachokifanya mamba. Hapa umekuwa nomino inayosimama peke yake katika ukwapi, kana kwamba ndiyo adui halisi. Msomaji akiuliza ni nani atakayemuua mamba, jibu la shairi limo hapa: kiburi kilichomo ndani yake mwenyewe.

Ubeti wa nne: siku, roho na nguvu

Ubeti huu unatumia sitiari za kila siku. Siku ya mtu ni kufa kwake. Roho humtoka mtu kama kitu kinachotoka nyumbani. Nguvu zina kikomo kama njia ilivyo na mwisho. Hakuna iliyo ngeni, na mwanafunzi hapaswi kuzisifu kwa upya. Uzito wao unatokana na kuelekezwa kwa kiumbe aliyedai dahari. Dai lake la ubeti wa pili linajibiwa kwa lugha ambayo hata mtoto anaielewa.

Sarufi nayo inafaa kutazamwa. Vitenzi vya amri viko katika nafsi ya tatu: akumbuke, ajue. Mtunzi hamwambii mamba uso kwa uso. Anamtumia salamu kupitia kwetu. Msomaji anayejua habari za kifungo ataona kwamba hiyo ndiyo njia iliyobaki kwa aliye nyuma ya kuta.

Ubeti wa tano: fumbo linafunguka

Mshororo wa kwanza unamtaka afahamu kwamba mtu hajui la kesho. Neno "mtu" ndilo la kukaziwa macho. Tangu ubeti wa pili tulikuwa na mamba, sasa tuna mtu. Mtunzi aliyeahidi kufumba ameacha mlango wazi kidogo mwishoni.

Mshororo wa pili ndio unaoharibiwa zaidi darasani. Unasema mamba hatadumu, na kitenzi kinachofuata kina -nga-. Wanafunzi wengi hukisoma kama -nge-, wakapata maana ya sharti, kwamba angedumu kama angetumia vitisho. Maana inageuka juu chini. Kiambishi -nga- ni kile kile kilichomo katika neno "ingawa": hatadumu, ijapokuwa anatumia vitisho. Vitisho si jambo la kudhaniwa, vipo tayari. Na vitisho ni silaha ya nani? Mamba wa mtoni hatishi kwanza, hushika. Anayetisha ni mwenye mamlaka juu ya watu. Kwa maoni yetu hili ndilo neno lenye nguvu zaidi ya ushahidi kwa usomaji wa kisiasa, nalo hupotea kwa kosa la irabu moja. Mshororo wa mwisho unafunga kwa hekima ya jumla kuhusu mwanzo na mwisho, ambayo haimtaji mamba kabisa.

Mpaka wa jazanda

Kwa hiyo jibu zuri linaweza kuwa hivi: "Mamba ni mtawala mwenye kiburi. Tunalijua hilo kwa sababu ubeti wa kwanza unatangaza fumbo, ubeti wa pili unampa mamba usemi na majigambo ya kibinadamu, na ubeti wa tano unamwita mtu na kumhusisha na vitisho. Mazingira ya mtunzi yanatufanya tufikiri kwamba mtawala aliyekuwa karibu na mawazo yake ni wa Kenya ya miaka hiyo." Sentensi ya mwisho tu ndiyo inayotegemea historia, na imewekwa mahali pake.

Mwalimu pia awaulize wanafunzi ni nini hakimo. Hakuna mvuvi mwenye mkuki, hakuna kijiji kinachoinuka. Anayeandika kwamba shairi linawahimiza wananchi wamwondoe mamba ameongeza jambo lake. Nguvu zinazofanya kazi hapa ni wakati na kiburi. Baadhi ya wasomaji watauona huo kuwa udhaifu: je, aliye mtoni leo aambiwe angoje tu? Wengine watasema kumkumbusha mwenye mabavu kwamba atakufa, huku ukiwa mikononi mwake, ni tendo kubwa la kutosha. Mjadala huo ufanyike darasani, ila kila upande uoneshe mshororo unaousimamia.