Viraka katika Insha: Uhakiki wa Namna Mwanafunzi Anavyoieleza Upya Aya ya Mwandishi Mwingine

Agizo linalotolewa mara nyingi na walimu wa insha ni lile la “andika kwa maneno yako mwenyewe.” Mwanafunzi ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili hulisikia agizo hili kama lilivyotamkwa: yeye huyashughulikia maneno. Hufungua kamusi, akaliondoa neno moja na kulitia jingine mahali pake, hata aya nzima ikabadilika sura. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya namna hiyo bado ni wizi wa maandishi, na kwamba Kiswahili chenyewe, kwa upatanisho wake wa ngeli, aghalabu humfichua aliyeifanya.

Chanzo kimoja cha kasoro hii ni mafunzo ya shule. Ufupisho umekuwa sehemu ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne nchini Kenya kwa miaka mingi. Mtahiniwa hupewa kifungu, akatakiwa kutoa hoja zake kwa idadi maalumu ya maneno. Hatakiwi kumtaja mwandishi, kwa kuwa mtahini anakijua kifungu hicho tayari. Zoezi hilo lina faida yake, lakini mwanafunzi akilichukua lilivyo hadi chuo kikuu, stadi iliyompa alama jana ndiyo itakayomtia hatiani leo. Katika insha ya kitaaluma msomaji hana kifungu mkononi. Asipoambiwa wazo limetoka wapi, atadhani ni la mwandishi wa insha.

Ili hoja ieleweke, yafaa kuichunguza aya moja iliyotungwa kwa ajili ya makala haya:

“Kabla ya mashairi kuchapishwa vitabuni, mengi yalisomwa kwa sauti au kuimbwa mbele ya hadhira. Urari wa mizani na vina ulimsaidia msomaji kuyahifadhi, kwa kuwa neno lililosahauliwa liliweza kukisiwa kutokana na idadi ya silabi na sauti ya mwisho iliyotarajiwa. Hata hivyo, haifai kudai kwamba umbo hilo lilikuwa chombo cha kumbukumbu tu. Wapo watunzi walioandika kwa hati za Kiarabu, ambao hawakuhitaji kuitegemea kumbukumbu, na bado wakaufuata urari huo.”

Mwanafunzi mwenye bidii na kamusi angeweza kuandika hivi:

“Kabla ya tungo kupigwa chapa vitabuni, nyingi yalisomwa kwa sauti au kughaniwa mbele ya wasikilizaji. Usawa wa mizani na vina ulimsaidia mghani kuyatia moyoni, kwa sababu msamiati uliosahauliwa liliweza kubahatishwa kutokana na hesabu ya silabi na mlio wa mwisho uliotarajiwa. Hata hivyo, si vyema kusema kwamba sura hiyo ilikuwa kifaa cha ukumbusho tu. Wako washairi walioandika kwa hati za Kiarabu, wasiohitaji kuutegemea ukumbusho, na bado wakaufuata usawa huo.”

Maneno mengi yamebadilika, lakini sentensi ni zilezile nne, kwa mpangilio uleule. “Hata hivyo” imekaa palepale. Uandishi wa aina hii ulipewa jina na mtaalamu wa Kimarekani, Rebecca Moore Howard, katika miaka ya 1990. Kwa Kiswahili waweza kuitwa uandishi wa viraka. Yeye alisisitiza kwamba aghalabu mwanafunzi hafanyi hivyo kwa hila, bali kwa kuwa hajaimudu lugha ya taaluma anayoisoma. Kauli hiyo ni ya haki. Lakini nia njema ya mshonaji haikigeuzi kiraka kuwa kitambaa.

Zaidi ya hayo, kiraka huonekana. “Tungo” imechukua nafasi ya “mashairi,” lakini kitenzi kimebaki “yalisomwa” badala ya “zilisomwa,” na “kuyatia” badala ya “kuzitia.” “Msamiati” umeingia mahali pa “neno,” ilhali “liliweza” limebaki likilitafuta neno lililofukuzwa. Makosa haya si ya kutojua ngeli. Mwanafunzi huyuhuyu angesema “tungo zilisomwa” bila shida katika mazungumzo. Ni alama ya kwamba nomino ni yake na kitenzi ni cha mwingine. Mwalimu anayekuta upatanisho umevunjika mahali pamoja, katika insha iliyo sahihi kwingineko, ana sababu ya kutafuta aya iliyoigwa.

Maana nayo imeumia. Msamiati ni jumla ya maneno, si neno moja. Ukumbusho ni kitu kinachomkumbusha mtu jambo, wala si uwezo wa kukumbuka. Maneno yanayoitwa visawe hukaribiana tu. Ni nadra yalingane kila mahali. Kwa upande mwingine, mwanafunzi alifanya vyema kuyaacha “mizani,” “vina” na “silabi.” Hayo ni maneno ya fani, hayana mwenyewe, na anayeyageuza kuwa “vipimo” au “milio” hujitia katika utata usio na faida.

Njia iliyo bora huanza kwa kuuliza aya inadai nini, si inasema nini katika kila sentensi. Aya hii inadai kwamba vina na mizani vilisaidia kumbukumbu, ila msaada huo si sababu yake yote. Mwanafunzi akishaipata kauli hiyo, na akifunge kitabu. Kisha amweleze mwenzake hoja hiyo, hata kwa Kikamba au Kijaluo ikiwa ndiyo lugha inayomjia upesi. Kuipitisha hoja katika lugha ya kwanza huvunja umbo la sentensi za kitabu, kwa hivyo anaporejea kwenye Kiswahili hulazimika kuunda zake. Huenda akaandika hivi:

“Mwandishi huyu anashikilia kwamba vina na mizani haviwezi kuelezwa kwa sababu moja. Anakubali kwamba viliwafaa walioghani bila kitabu, maana aliyepotewa na neno aliweza kulipata kwa kupima silabi zilizosalia na kufuata kina kilichohitajika. Lakini anaonya kwamba manufaa hayo si maelezo kamili, kwani baadhi ya waliokuwa na kalamu nao hawakuliacha umbo hilo.”

Hapa hitimisho la aya ya asili limekuwa mwanzo, na Kiswahili chake ni chepesi, ila upatanisho ni timamu. Ndipo kitabu kifunguliwe tena, kwa maswali mawili. Je, kuna mfuatano wa maneno uliojirudia bila kuwa istilahi? Ukiwapo, ama uandikwe upya au utiwe katika alama za kunukuu. Je, kadiri ya dai imehifadhiwa? “Baadhi” ikigeuka “wote,” au “tu” ikiachwa, mwandishi atakuwa amesingiziwa asilolisema, na kosa hilo si dogo kuliko wizi.

Linabaki suala la kumtaja mwenye wazo. Kueleza upya hakumhamishii mwanafunzi umiliki wa hoja, hata asipobakiza neno moja la asili. Ndivyo ilivyo pia kwa aya iliyosomwa kwa Kiingereza na kuandikwa kwa Kiswahili: lugha imebadilika, hoja haikubadilika mwenyewe. Katika aya ya mwisho hapo juu, “anashikilia,” “anakubali” na “anaonya” ni vitenzi vinavyomwonyesha msomaji mahali sauti ya mwandishi wa asili inapoanzia. Jina lake na ukurasa vikiongezwa, mpaka huwa kamili. Baada ya mpaka huo ndipo mwanafunzi apate nafasi ya kusema kama anakubaliana naye au la, na hiyo ndiyo sehemu ya insha iliyo yake mwenyewe.